Ukutani Niliandika 28: Mafunzo Niliyopata kwa Hoteli Mbili, Migori na Homa Bay

Siku niliyofungua hoteli yangu mjini Migori, nilichukua kipande cha makaa nikaandika 28 kwenye ukuta wa jikoni, juu ya jiko la chapati. Hiyo ilikuwa idadi ya walaji niliowahitaji kila siku ili nisipate faida wala hasara. Mpishi aliiona kila asubuhi, na jioni akawa ananiuliza, "Mama, leo tumefika?" Tulifika. Mwezi wa kwanza tulipata walaji 34 kwa siku, wa pili 36, wa tatu 36. Katikati ya mwezi wa nne nikajikuta nachukua unga kwa mkopo, na mwenye nyumba ananipigia simu kabla jua halijachomoza.

Sikuwa nimeibiwa, wala sikuwa nimelewa pesa. Ile 28 ndiyo iliyokuwa ya uongo, na nilikuwa nimeitunga mwenyewe.

1. Kodi na mishahara ni mwanzo tu wa orodha

Hesabu yangu ya kwanza ilikuwa hivi. Kodi ya nyumba ilikuwa 20,000 kwa mwezi. Wafanyakazi walikuwa wanne: mpishi kwa 18,000 na wengine watatu kwa 15,000 kila mmoja, jumla 63,000. Kodi na mishahara pamoja ni 83,000. Sahani ya chakula nikaikadiria kuuzwa 250 na kunigharimu 150, hivyo kila mlaji ananiachia 100. Nikagawanya 83,000 kwa 100, nikapata walaji 830 kwa mwezi, nikagawanya tena kwa siku 30. Ikaja 27 na ushee, nikaandika 28.

Njia yenyewe haina kosa. Chukua gharama ambazo hazijali kama mteja amekuja au hakuja, uzigawanye kwa kile ambacho mlaji mmoja anakuachia baada ya kulipia chakula chake mwenyewe, kisha ugawanye kwa siku unazofungua. Nilichokosea ni zile namba tatu nilizoziingiza. Zote tatu.

Tuanze na gharama. Mshahara unaoulipa si ule tu uliokubaliana na mfanyakazi. Mwajiri anaongeza asilimia 6 ya NSSF kutoka mfukoni mwake, na asilimia 1.5 ya ada ya nyumba za bei nafuu. Kwa mishahara ya 63,000 hiyo ni 4,725 kila mwezi. Stima na maji vilinichukua 4,500. Mlinzi wa usiku, tuliyemchangia na maduka ya jirani, 2,000. Leseni ya kaunti na vyeti vya afya vya wanaoshika chakula hulipwa kwa mkupuo, kwa hiyo unavisahau. Nikivigawa kwa miezi vilikuwa 1,500. Sahani, glasi na sufuria zinazotoboka, 2,000.

Halafu kuna gharama ambayo sijawahi kuiona katika hesabu ya mtu yeyote anayefungua hoteli: wafanyakazi nao wanakula. Watu wanne, chakula cha 70 kila mmoja, siku 26, ni 7,280. Mimi nilikuwa nimefanya vibaya zaidi. Mhudumu alikuwa anahesabu sahani zilizotoka jikoni, kwa hiyo chakula cha wafanyakazi kilikuwa kimeingia kwenye idadi ya walaji kwa wiki kadhaa kabla sijang'amua.

Jumla ikafika 105,005. Hizo tano nitaziacha. Gharama yangu ya mwezi ilikuwa 105,000, na mimi nilikuwa naishi kana kwamba ni 83,000.

2. Mwezi wangu una siku 26

Mimi ni Msabato, na mpishi wangu ni Msabato. Jumamosi hatufungui. Huku kwetu hilo si jambo la ajabu, maana Waadventista ni wengi Migori na Homa Bay, na hata ukifungua, wateja wako wengi wako kanisani na chakula chao kimepikwa Ijumaa. Lakini nilipogawanya kwa 30 nilikuwa nimewahesabu walaji wa siku nne ambazo mlango umefungwa. Kodi haishiki Sabato. Februari ni mbaya zaidi: siku 24 za kazi, kodi ile ile.

3. Hakuna mlaji wa wastani mpaka umhesabu

Hapa ndipo nilipopotea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilipokuwa nakadiria sahani ya 250, nilikuwa namwona kichwani mtu anayekula samaki. Ni kwa sababu samaki ndiye niliyemfungulia hoteli. Nilinunua daftari la shule, nikalichora safu tatu, nikamwambia mhudumu apige kijistari kila mtu anapolipa: asubuhi, chakula cha kawaida, samaki. Si kila sahani, bali kila mtu. Wawili wakigawana samaki mmoja mkubwa na ugali mbili, hao ni watu wawili na viti viwili.

Baada ya wiki moja tulikuwa na watu 216. Kati yao 72 walikuwa wa chai na chapati au mandazi, wanaacha wastani wa shilingi 60. Watu 90 walikula maharagwe, matumbo au ugali na mboga, kwa wastani wa 150. Wa samaki walikuwa 54 tu, robo ya watu wote, kwa 350. Pesa yote iliyoingia ilikuwa 36,720. Gawanya kwa 216: kila mtu aliniletea 170, si 250.

Kisha nikageukia kinachobaki. Mtu wa chai ananigharimu 25, anabakisha 35. Wa maharagwe ananigharimu 70, anabakisha 80. Samaki nilimchambua peke yake, kwa sababu ndiye mwenye mambo mengi. Ngege wa saizi ya sahani, aliyetoka Sori au Muhuru Bay kwa pikipiki na barafu, nilimnunua 160. Mafuta 20. Nyanya na kitunguu cha wetifrai 15. Unga wa ugali 20. Mboga za kienyeji 10. Makaa 5. Hiyo ni 230, kwa hiyo sahani ya 350 inabakisha 120.

Sasa usijumlishe 35, 80 na 120 ukagawanya kwa tatu. Nimemwona mtu akifanya hivyo, akapata 78 na akafurahi kwamba amekaribia. Alikaribia kwa bahati. Zidisha kila kimoja kwa watu wake: wa chai walinibakishia 2,520, wa kawaida 7,200, wa samaki 6,480. Jumla 16,200. Gawanya kwa 216, unapata 75.

Gharama 105,000 kwa 75 ni walaji 1,400 kwa mwezi. Kwa siku 26 ni 53 na sehemu, yaani 54.

Ukutani pameandikwa 28. Tunapata 36, mpishi anapiga makofi. Ukweli ni 54. Kwa walaji 36 nilikuwa nabakiza 70,200 kwa mwezi dhidi ya 105,000, pengo la 34,800. Mtu ataniuliza ilikuwaje nisilione kwa miezi mitatu. Kwa sababu halikuja kama pengo. Leseni ilikuwa haijafika wakati wake, NSSF sikuwa nimeanza kuipeleka, na kila wiki nilikuwa natoa kidogo kwenye akiba ya shamba la miwa nikiita "kuongezea mtaji". Dalili ya kwanza ya kweli ilikuwa deni la unga. Siku hizi mtu akiniambia hoteli yake inaenda vizuri, huwa namuuliza anamdai nani na anadaiwa na nani.

4. Samaki akipanda shilingi 40, namba yote inahama

Baada ya kupata 54 nilitaka kuipaka rangi ukutani iwe ya kudumu. Bahati nzuri sikufanya hivyo. Ziwa likichafuka kwa upepo, mitumbwi haiendi mbali, na ngege wa 160 anakuwa wa 200. Bei ya sahani huwezi kuipandisha kila siku ubaoni. Wateja wa Migori wana kumbukumbu kali kuliko benki.

Fuatilia kinachotokea. Samaki anabakisha 80 badala ya 120. Kwa watu 54 wa wiki ile, nimepoteza 2,160, na kilichobaki kwa kila mlaji kinashuka kutoka 75 hadi 65. Gawanya tena 105,000 kwa 65: walaji 1,616 kwa mwezi, 63 kwa siku. Shilingi 40 kwenye samaki mmoja, ambaye robo tu ya wateja wanamla, zimeniongezea walaji tisa kila siku.

Tangu hapo hesabu naifanya upya kila Jumapili asubuhi, kabla sijaenda sokoni, kwa bei ya wiki iliyopita. Inachukua dakika kumi. Na bei ikikaa juu kwa zaidi ya wiki mbili, najua la kufanya: samaki wanakuwa wa saizi mbili ubaoni, mdogo kwa 280 na wa kawaida kwa 380, badala ya kumpunguza kimyakimya yule wa 350. Omena nao husaidia, ila wana mambo yao. Huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, kwa hiyo usiwategemee wiki hiyo.

5. Uliza viti kabla ya kuuliza wateja

Nilipojua nahitaji 54, nilifanya kile ambacho kila mtu angefanya. Nilichapisha karatasi za matangazo, nikaweka bango barabarani, barabara kuu ile ya kwenda Isebania, magari ni mengi. Wakaja. Na idadi ikakaa palepale, 36, 37.

Siku moja nikasimama mlangoni saa saba mchana nikitazama. Wanaume watatu waliingia, wakachungulia, wakatoka. Baada yao mama na kijana wake, vilevile. Hakuna aliyekasirika. Hapakuwa na pa kukaa.

Nilikuwa na viti 16. Wateja wa mchana kwetu huja kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu. Nje ya saa hizo mbili ni wa chai. Samaki nilikuwa namkaanga mteja akishaagiza, akisubiri dakika 25, kisha anakula dakika 25 nyingine. Kiti kimoja kinakaliwa dakika 50, kwa hiyo kwa saa mbili kinahudumia watu wawili. Viti 16 mara mbili ni 32, lakini hilo halitokei, kwa sababu meza ya watu wanne hukaliwa na wawili, na hakuna mgeni atakayejisukuma kati yao. Katika hoteli ndogo, ukipata robo tatu ya viti umefanya kazi nzuri. Robo tatu ya 32 ni 24. Rudi kwenye daftari: walaji wangu wa mchana walikuwa 144 kwa siku sita. Ishirini na wanne kwa siku.

Yaani hoteli ilikuwa imejaa tangu mwezi wa pili, na ikiwa imejaa inapata hasara. Bango lisingeweza kuniokoa. Nilitakiwa kugawanya kabla ya kulipa dipoziti: namba ninayoihitaji, toa wa chai, linganisha na viti mara mizunguko. Kama haiingii, chumba hicho si changu hata kodi ikiwa nafuu namna gani.

Tulibadilisha mambo mawili. Samaki wakaanza kukaangwa saa tano na nusu, wakae wamekauka, mteja akiagiza wanaingia kwenye mchuzi tu. Dakika 25 zikawa kumi, kiti kikapata watu watatu. Pili tukaanza kufunga chakula cha kubeba kwa mafundi na watu wa maduka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo ni kontena, shilingi 12 kila moja, na hiyo inatoka kwenye zile 80 za maharagwe. Zinabaki 68, lakini bila kiti. Kufikia mwezi wa saba tulikuwa tumevuka 54.

Onyo dogo: ofisi moja ilitaka chakula cha watu kumi kila siku, kulipa mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, wakaomba mwingine. Siku hizi mlaji wa deni naandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, na simhesabu mpaka ujumbe wa M-Pesa umeingia.

6. Kodi ya juu inaweza kuhitaji walaji wachache

Nilipofikiria Homa Bay, ndugu zangu walinishangaa. Chumba kilikuwa karibu na ziwa, viti 30, kodi 35,000. "Umeshindwa na ya 20,000, unaenda kwenye ya 35,000?" Shangazi yangu ndiye aliyesema hivyo, na sikuwa na jibu la haraka. Nilikuwa na daftari.

Nilikaa siku tatu katika hoteli ya jirani na chumba kile, nikinywa chai polepole na kuhesabu watu. Kati ya kila walaji 100, takriban 20 walikuwa wa chai, 40 wa chakula cha kawaida, 40 wa samaki. Siyo robo tena. Na ngege aliyenunuliwa ufukweni, bila pikipiki na barafu, alikuwa 130, kwa hiyo sahani ya 350 ingebakisha 150. Watu 20 kwa 35 ni 700, 40 kwa 80 ni 3,200, 40 kwa 150 ni 6,000. Jumla 9,900, yaani 99 kwa kila mlaji.

Gharama zingine nikaziacha kama za Migori, kodi nikaipandisha, zikawa 120,000. Gawanya kwa 99, kisha kwa 26: walaji 47. Saba pungufu ya Migori, kwenye chumba chenye viti karibu mara mbili. Kodi peke yake haikwambii chochote. Kinachosema ni kodi ikikaa karibu na kile kinachobaki mkononi.

Mwenye nyumba naye alikuwa na hesabu yake. Sherehe za Madaraka za Juni 1, 2025 zilifanyika Homa Bay, uwanja ulijaa, mji ulijaa, na mpangaji aliyemtangulia, alisema, alilisha mamia ya watu wiki ile. Agosti ukaja mkutano wa ugatuzi. Kwa hiyo akataka 45,000. Nilimwonyesha daftari: kwa 45,000 nahitaji 51, si mbaya, lakini nimehesabu siku za kawaida, na siku za kawaida ndizo zinazolipa kodi. Wiki ya sherehe niliiweka kando kabisa, kama mtu anavyoweka kando pesa aliyookota. Tulikubaliana 35,000.

7. Kuna gharama ya kungoja

Hoteli mpya haifikii namba yake siku ya kwanza, na kila mlaji anayekosekana ana bei. Safari hii niliihesabu kabla. Kwa miezi mitatu ya kwanza nilitenga 60,000 mbali na dipoziti na vyombo, pesa ya kujaza pengo tu. Ukutani sikuandika idadi ya watu. Niliandika 4,616, ambayo ni 120,000 kwa siku 26, kile kinachotakiwa kubaki kila siku baada ya kulipia chakula. Walaji 60 wa chai hawakufikishi huko hata nusu. Wa samaki 31 wanakufikisha.

Na mshahara wangu? Nilitaka 20,000. Ukiuongeza, 47 inakuwa 55. Nilizitazama namba zote mbili kwa muda, nikaamua ya kwanza ni ya kutofunga na ya pili ni ya kuendelea, na kwamba sitavumilia zaidi ya mwaka kati ya hizo mbili.

Mwezi wa kwanza tulipata wastani wa walaji 38 na pengo la 22,188. Wa pili 44, pengo 6,744. Zote zikatoka kwenye zile 60,000. Mwezi wa tatu tulifika 49, na kwa mara ya kwanza jioni ya tarehe ya mwisho kulikuwa na pesa iliyobaki, 6,126. Nilikuwa naihesabu mara ya pili mpishi alipokuja mlangoni kuniambia kwamba sufuria kubwa ya ugali imetoboka.